Upande wa Kushoto wa Baba

Baba yangu aliilaumu Tanzania. Alisema barabara zake nyembamba, watu wake wanatembea huku wamelala, na yule aliyeamua magari yapite kushoto hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Aliyasema hayo akiwa barazani kwetu Gitega, miguu ndani ya beseni la maji moto, siku aliyorudi na lori lililokwaruzwa ubavu mzima wa kushoto. Kioo cha pembeni kilikuwa kimening'inia kwa waya.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Kabla ya hapo Baba alikuwa anapita kaskazini, Gatuna, Uganda, hadi Mombasa. Vita vilipoanza njia ile ikafungwa, na malori yakageukia Rusumo, yakawa yanateremka Tanzania hadi Dar es Salaam. Huku kwetu Rwanda magari yanapita kulia. Ukivuka daraja la Rusumo unahamia kushoto, na kwa kuwa usukani wa lori la Baba ulikuwa kushoto, akifika kule anajikuta amekaa upande wa mtaro, karibu kabisa na waenda kwa miguu. "Huku kwetu sigusi hata jani," alisema, akilinyooshea lori kidole. "Kamyo ni ileile, dereva ni yuleyule. Sasa nambieni kitu gani kimebadilika kama si barabara."

Na kweli, mikwaruzo yote ilitoka kule. Sisi tulimwamini. Nilimwamini hata mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa macho.

Mama peke yake ndiye aliyempinga. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. "Na Uganda je? Na Kenya? Wao si wanapita kushoto vilevile? Miaka yote ile hukuparuza kitu."

Baba akaomba chai.

Mikwaruzo ingeweza kusahaulika. Safari ile alimgonga mtu wa baiskeli, mbele kidogo ya Ngara, akamvunja mguu. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akakaa naye mpaka ndugu zake walipofika, maana Baba hakuwa mtu wa kukimbia. Lakini alishikilia kwamba yule mtu alitokea porini ghafla kama swala. Tajiri wa lori, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda malori yake kuliko madereva wake, akasema hampi safari nyingine mpaka alete cheti cha macho chenye muhuri wa hospitali. Baba akacheka. Alikuwa anasoma namba ya gari kabla sisi hatujaliona gari lenyewe.

Mimi nilikuwa muuguzi wa macho katika hospitali mojawapo ya mjini. Nilikuwa na chumba changu kidogo chenye pazia zito jeusi, na ndani yake mashine ambayo wagonjwa waliiita sufuria. Ilikuwa nusu duara kubwa, nyeupe kwa ndani, kubwa kiasi kwamba mtu akiweka kidevu mahali pake anakuwa kama ametumbukiza uso katika karai la kupikia harusi. Unamziba jicho moja. Kwa lile lingine anatazama kitone cha katikati, hatoi jicho hapo. Mimi nyuma ya mashine naleta taa ndogo kutoka pembeni taratibu, na anapoiona tu anabonyeza kengele. Naweka alama kwenye karatasi. Nikimaliza pande zote nimechora ramani ya kile jicho lile linachokiona na lisichokiona.

Daktari wetu alikuwa mtu mzima, Mnyarwanda aliyesomea Ulaya, mpole mpaka inakera. Yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma ramani. Alinichorea macho mawili na nyuzi zinazotoka nyuma yake. Nyuzi za kila jicho, aliniambia, ni makundi mawili. Zile zinazobeba upande wa nje, yaani upande wa sikio, zinafika njia panda katikati ya kichwa na kuvuka kwenda upande wa pili. Zile zinazobeba upande wa pua hazivuki. Kwa hiyo baada ya njia panda, kila kilicho kushoto kwako, kwa macho yote mawili, kinasafiri ndani ya ubongo wa kulia, na cha kulia kinasafiri kushoto. Kisha nyuzi zinatawanyika kama mto unaoingia bondeni, halafu zinakusanyika tena nyuma kabisa, kisogoni. Hapo ndipo mtu anapoonea.

Tangu siku ile ikawa mchezo wetu. Nampelekea karatasi bila kusema neno, yeye anaweka kidole kichwani mwake kuonyesha ugonjwa ulipo. Alikuja mwalimu aliyepoteza jicho moja tu kwa ghafla, lingine zima kabisa: daktari akagusa nyuma ya jicho lake mwenyewe, kwamba ni mshipa wa jicho, kabla ya njia panda. Akaja mama mmoja muuza mkaa ambaye mabega yake yote mawili yalikuwa na michubuko ya milango, kwa kuwa kila jicho lilikuwa limepoteza upande wake wa nje. Huyo alikuwa na uvimbe pale pale kwenye njia panda, jirani na tezi inayoongoza hedhi, na sisi tulijua kabla hajasema kwamba hedhi yake ilikuwa imekatika. Kuna kijana alipoteza robo ya juu tu, kulia, macho yote mawili, kama mtu aliyekatiwa kipande cha mkate. Daktari akagusa pembeni, juu ya sikio lake la kushoto, kwa sababu kuna nyuzi zinazozungukia huko na hizo ndizo zinazobeba vya juu. Zilizo juu zaidi kichwani zinabeba vya chini. Na siku hizo walianza kuletwa askari wenye vipande vya chuma kisogoni, waliokuwa wanaona uso wako lakini hawaoni miguu yao wenyewe.

Kupiga picha ya ndani ya kichwa ilibidi mtu aende Nairobi, na barabara ya Nairobi ndiyo hiyo iliyofungwa. Basi karatasi zangu ndizo zilikuwa picha. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilifurahia kujua. Ilikuwa furaha ya mtu ambaye karatasi hizo hazijawahi kuwa na jina la wa kwao.

Baba alipokuja nilimkabidhi kwanza kwa mwenzangu, wa ubao wa herufi. Akasoma mistari yote kwa jicho la kulia, akasoma yote kwa la kushoto, kisha bila kuulizwa akasoma na jina la kiwanda lililochapwa chini kwa maandishi ya sisimizi. Watu kwenye benchi wakacheka. Baba akanitazama kwa mlango uliokuwa wazi. "Haya, we mutoto, piga muhuri. Jumatatu napakia."

Ningepiga. Mkono ulikuwa tayari kwenye droo. Lakini alipoinuka kutoka kwenye kiti akampita jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi upande wake wa kushoto, amenyoosha mkono ampe salamu. Baba akapita. Yule mzee akabaki na mkono hewani, akaurudisha pajani polepole, uso umemwiva kwa aibu.

Baba alikuwa na mambo mengi, ila kiburi cha kutosalimia watu hakuwa nacho. Nikakumbuka kwamba jirani mwingine alikuwa amemlalamikia Mama juu ya jambo hilohilo. Nikakumbuka glasi ya chai ambayo sasa ilikuwa inamwagika kila siku, na Mama anamwekea kushoto kwa kuwa ndipo palipo na kigoda. Na nikakumbuka lililonitia baridi kuliko yote. Tangu Ramadhani, Baba alikuwa anasuasua kwenye Kurani. Risiti na magazeti alisoma vizuri, isipokuwa alipotea kidogo mwanzo wa kila mstari. Lakini kwa Kiarabu, ambacho alikisoma tangu utotoni, akawa anakwama neno baada ya neno kama mtoto wa madrasa. Wenzake msikitini walisema ni uzee. Kiarabu kinakwenda kutoka kulia hadi kushoto. Baba alikuwa anasoma kuelekea mahali asipopaona.

"Baba, kwanza tuingie huku," nikasema.

"Herufi zimekwisha."

"Hii ni nyingine."

Nilimwomba daktari afanye yeye. Alikuwa anajiandaa kwenda kupasua, mikono imeshaoshwa, ameinyanyua mbele ya kifua. Akaniambia kwa upole wake ule kwamba mashine anayeijua ni mimi, na kwamba akitoka atakuja kuangalia. Nilimchukia kwa muda mfupi. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa natafuta mtu wa kumkasirikia.

Nikafunga pazia, nikamkalisha Baba, nikamziba jicho la kushoto. Nikamweleza: tazama kitone, usitoe jicho, ukiona taa pembeni bonyeza.

"Kazi ya watoto," akasema kidevu kikiwa juu ya chuma.

Nyuma ya mashine kulikuwa na darubini ndogo ya kumtazamia mgonjwa. Ndani yake niliona jicho la Baba, kubwa, la kahawia, lenye ukungu wa vumbi la miaka ya barabara kwenye weupe wake. Sikuwahi kulitazama jicho lake kwa karibu hivyo. Nikaleta taa kutoka kulia. Akabonyeza mapema, vizuri kabisa. Nikaileta kutoka kushoto. Ikaja, ikaja, na jicho likaruka kuifuata pembeni, likaiona, kengele ikalia, na jicho likarudi katikati kama halikutoka.

"Baba, usitoe jicho."

"Sijatoa."

"Nakuona hapa."

"Mimi dereva. Jicho la dereva halikai pahali pamoja. Likikaa pamoja, amekufa."

Nikarudia. Jicho likaruka tena. Nikamkemea, safari hii likatulia kweli, lakini kengele ikalia vilevile, na taa bado iko mbali. Nikashangaa. Nikarudia kwa mwendo wa polepole zaidi, kengele ikalia tena. Ndipo nilipoelewa kwamba Baba alikuwa anasikiliza. Mkono wa mashine ile ulikuwa na mlio mdogo nilipouanzisha, tiki, na mtu aliyezoea kusikia ubovu wa injini kutoka chini ya kelele zake zote hawezi kuukosa mlio huo. Alikuwa anahesabu kidogo moyoni, kisha anabonyeza.

Nikamtega. Sioni haya kusema, maana alikuwa ananitega na yeye. Kila mtu, hata mwenye macho ya kipanga, ana mahali asipoona: pale mshipa unapotokea nyuma ya jicho hakuna kitu cha kuonea. Kwa jicho la kulia mahali hapo ni upande wa kulia, si mbali na katikati. Hakuna binadamu anayeona taa ikiwa hapo. Nikaiweka taa hapo hapo, tiki.

Kengele ikalia. Kwa fahari.

Niliweka kichwa changu juu ya mashine. Hasira zilinipanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Mtu asiyejua kwamba haoni hana sababu ya kudanganya. Baba alikuwa anadanganya. Kwa hiyo mahali fulani moyoni mwake alikuwa ameshaanza kujua.

Nikawasha taa ya dari, nikamfungua jicho lililozibwa. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Imekwisha?" akauliza.

"Tazama pua yangu."

"Pua ya bibi yako hiyo."

"Itazame tu."

Nikanyanyua mikono yote miwili, mmoja huku mmoja huku, nikachezesha vidole. "Unaona mikono mingapi?"

"Mumoja."

"Upi?"

Akaonyesha ule uliokuwa kulia kwake. Nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe. Uleule mmoja. Nikamziba la kulia. Uleule mmoja. Kama ubovu ungekuwa wa jicho, ukiliziba jicho hilo mambo yangetengemaa. Hayakutengemaa. Nikajua tumeshapita njia panda, tuko ndani ya kichwa, upande wa kulia. Nilijua hata kabla ya karatasi, na safari hii sikufurahia kujua.

"Mwingine umeuficha nyuma," Baba akasema.

"Sijauficha."

"Umeuficha. Mimi si mutoto, we unacheza na mimi."

"Baba, usitoe macho kwenye pua yangu. Usiyatoe."

Nikashusha mkono uliokuwa kulia kwake, nikaushika mkono wake wa kushoto kwa kifundo, nikaunyanyua taratibu pembeni mwa kichwa chake, nikaupeleka mpaka vidole vyake vikagusa vidole vyangu vya mkono ule mwingine. Vilikuwa bado vinacheza.

Alishtuka mwili mzima. Macho yake yalibaki kwenye pua yangu, nadhani kwa kuwa aliogopa kuyatoa. Vidole vyake vikashika vyangu, vikavipapasa kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na chumba kilikuwa kimewaka taa.

"Uliweka saa ngapi mukono hapa?"

"Ulikuwa hapo tangu mwanzo."

Akageuza kichwa. Akauona. Akarudisha uso kwangu, ukapotea. Akageuza tena, akarudi tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila alipogeuka alinitazama vidole vyangu kana kwamba vimeota wakati ule. Nilimweleza kwamba si giza, ndiyo maana hakulijua. Giza mtu analiona. Hili ni kama yaliyo nyuma ya kisogo chako: hayana rangi yoyote, hayapo tu, na hukumbuki hata kuyatafuta.

"Kichwa kiliniuma siku moja," akasema. "Zamani kidogo. Dodoma. Kiliuma hapa nyuma, nikatapika, nikalala ndani ya gari. Asubuhi kimeisha. Nikasema ni jua."

"Ukaanza kukwaruza baada ya hapo?"

Alikuwa bado ameshika vidole vyangu. Kisha akasema, na sauti haikuwa yake, "Yule mutu wa baiskeli hakutoka porini."

"Hapana, Baba."

"Iko alikuwa mbele yangu. Kando ya barabara, muda wote, anaendesha zake."

Akaniuliza kama nadhani kuna wengine, walioponea chupuchupu, ambao yeye aliwapita anaimba. Nikasema sijui. Nilisema sijui kwa sababu nilikuwa nina hakika.

Tulirudi kwenye mashine na alifanya kipimo chote kwa uaminifu. Jicho lake halikutoka katikati hata mara moja, mpaka likawa linatoa machozi. Upande wa kushoto nilileta taa kutoka mbali hadi karibu na kitone na kengele haikulia. Pale katikati kabisa tu, kijipande kidogo, aliona. Kile kijipande ndicho kilichokuwa kinasoma herufi, na namba za magari, na jina la kiwanda.

Daktari alikuja na kofia ya chumba cha upasuaji bado kichwani. Alimsalimia Baba kwa heshima, akammulika mboni, akamtazama nyuma ya macho, yote safi. Akamwambia anyooshe mikono, afinye vidole vyake. Nguvu zilikuwa sawa pande zote. Akapima presha, akatikisa kichwa. Kisha akachukua karatasi zangu mbili, ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto, akaziweka moja juu ya nyingine, akaziegemeza kwenye kioo cha dirisha mwanga upite. Ukingo ulifuata ukingo. Hata kile kijipande cha katikati kiliingia juu ya mwenzake. Ugonjwa ungekuwa mara tu baada ya njia panda, karatasi zingefanana nusunusu, moja imepotoka kidogo kuliko nyingine. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo zinavyolingana.

Hakuweka kidole kichwani mwake siku ile. Aliniangalia, na mimi mwenyewe nikaunyanyua mkono wangu nikagusa kisogo, upande wa kulia.

Alimweleza Baba kwamba mshipa wa damu uliziba huko nyuma kwa sababu ya presha, kipande cha ubongo kikafa, na kwamba hakitamwua kama atameza dawa. Baba akauliza kama kitarudi. Daktari akasema miezi imeshapita mingi, hapana.

"Lakini nikigeuza kichwa, naona," Baba akasema. Hakumwambia daktari. Aliniambia mimi. "Umeona mwenyewe. Nageuza, naona. Nitakuwa nageuza kila mara. Miaka yote hii barabarani, mimi nashindwa kugeuza shingo? Andika tu naona. Sijakuomba kitu tangu umeanza kazi."

Ilikuwa kweli, hakuwahi kuniomba kitu. Yeye ndiye aliyenilipia shule wakati watu wa mtaani walimwambia msichana hasomeshwi mbali. Daktari akatazama nje ya dirisha. Nikasema siwezi. Baba akasubiri, nikasema tena siwezi, na machozi yakanitoka mbele ya bosi wangu, jambo ambalo sikulipenda. Baba akachukua kofia yake kutoka mezani. Ilikuwa kushoto, aliipapasa kwanza.

Alirudisha funguo za lori yeye mwenyewe, na perimi, leseni yake ya udereva, akaifungia sandukuni. Tajiri alimpa kazi ya kuhesabu magunia ghalani kwa muda, kisha akaisahau kazi hiyo. Baba alibaki nyumbani. Aligeuza kiti chake barazani, mlango ukawa kulia kwake, ukuta kushoto. Mama akahamisha kigoda cha chai. Majirani waliambiwa, na yule mzee wa nyumba ya tatu akawa anazunguka makusudi ili amsalimie upande unaoona. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kacyiru kwa mume wangu, nikawa nakuja Ijumaa. Baba alinipokea vizuri, akaniuliza habari za kazi, akacheka na watoto wangu. Kuhusu siku ile hakusema neno, na mimi sikuthubutu kuanza. Mtu anaweza kukupokea vizuri miezi na miezi, na bado usijue kama amekusamehe.

Ijumaa moja mvua ilinikuta njiani. Nilikata kupitia uani kwa nyuma, nikavua viatu vilivyojaa tope, nikaingilia jikoni na kutokea barazani kwa kimlango cha upande wa ukuta, ambacho sikuwahi kukipitia. Mabati yalikuwa yanapiga kelele. Baba na Mama walikuwa wamekaa wanatazama maji yanavyoteremka barabarani. Nilikuwa nimesimama karibu na bega lake la kushoto, naweza kulishika.

"Leo atachelewa," Mama alikuwa anasema.

"Atakuja. Huyo haachi." Baba alikunywa chai. "Unajua, alifanya vile inavyotakiwa. Ningeua mutu. Nalijua hilo."

Nilitaka kukohoa. Mama akageuka kidogo akaniona, na nikaona anavyonizuia kwa macho, au labda hakunizuia, labda alishindwa tu la kufanya.

"Lakini mimi," Baba akasema, "kama ningekuwa ndiyo yeye, na yeye ndiyo baba yangu ameniomba, mimi ningeandika anaona."

Mama alikuwa ananitazama mimi. Nilirudi nyuma mpaka jikoni, nikavaa viatu vyangu vyenye tope, nikazunguka nyumba mvuani, nikaja kwa mlango wa mbele, upande wa kulia.

"Ah, amefika," Baba akasema, akasogea kunipisha. "Umeloa hivyo umepitia wapi?"